Picha Ifike Kama Ilivyopigwa

Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia iliyozoeleka, yaani kuichagua kwenye matunzio na kubonyeza alama ya kutuma, haimfikii mpokeaji kama ilivyotoka kwenye kamera. Kabla haijaondoka kwenye simu, programu huitengenezea nakala ndogo na nyepesi zaidi, na nakala hiyo ndiyo inayosafiri. Picha yenyewe hubaki kwa mtumaji. Kwa salamu za Idi au picha ya mtoto aliyeota jino la kwanza, nakala hiyo inatosha kabisa. Upungufu wake huonekana pale picha inapotakiwa kusafishwa kwa ukubwa wa kutundikwa ukutani, kuwekwa kwenye jalada la kitabu, au kukuzwa ili maandishi madogo yasomeke. Mara nyingi huonekana wakati gharama ya kuchapa imekwisha kulipwa. Ipo njia rahisi ya kuukwepa: kuituma picha kama hati.

Kinachopotea njiani

Tuseme wazee wawili wametimiza miaka 50 ya ndoa. Mjukuu wao aliyeko Mwanza amewapiga picha kwa simu yenye kamera ya megapikseli 12, na familia inataka picha hiyo isafishwe Dar es Salaam kwa ukubwa wa A3, itiwe kwenye fremu na kutundikwa sebuleni. Faili iliyotoka kwenye kamera ina pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa kimo, na uzito wake ni kama megabaiti 4. Pikseli ni nukta moja ya rangi. Picha hiyo basi ni nukta milioni 12 zilizopangwa safu kwa safu.

Ikitumwa kwa njia ya kawaida, programu huifanyia mambo mawili. La kwanza ni kupunguza vipimo. Upande mrefu hushushwa hadi pikseli 1600 hivi, kiasi kinachobadilika kidogo kufuatana na toleo la programu, na upande mfupi hushuka kwa uwiano uleule. Picha ya wazee wetu inakuwa na pikseli 1600 kwa 1200, ambazo ni nukta chini kidogo ya milioni 2. Katika kila nukta 100 zilizopigwa na kamera, zimebaki 16. Zile 84 hazikufichwa mahali. Hazimo tena katika faili iliyotumwa.

La pili ni kubana kile kilichobaki. Ubanaji huu hufuata utaratibu wa JPEG, uliowekwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992 na unaotumika hadi leo katika kamera na simu nyingi. JPEG hutumia udhaifu wa jicho la binadamu. Jicho hutambua kwa wepesi tofauti ya mwanga na kivuli, lakini tofauti ndogo ya rangi huipita bila kuiona. Hivyo utaratibu huo hutenga mwanga na rangi, na rangi huhifadhiwa kwa undani mdogo zaidi. Kisha picha hugawanywa katika vigae vya pikseli 8 kwa 8, na katika kila kigae vitu vidogo vidogo, kama nyuzi za kitambaa, unywele mmoja mmoja na makunyanzi membamba ya ngozi, hukadiriwa kwa ujumla badala ya kuandikwa kimoja kimoja. Kadiri ubanaji unavyozidi, ndivyo vinavyoachwa huwa vingi.

Kamera yenyewe ilikwisha kubana mara moja. Nukta milioni 12 zingeandikwa zote bila kubanwa, faili ingekuwa na uzito wa megabaiti 36 hivi. Kamera huifikisha megabaiti 4 kwa uangalifu, na macho hayaoni hasara. Programu ya ujumbe huja kubana kile kilichokwisha kubanwa, tena kwa mkono mzito zaidi, na mara nyingi hutoa faili ya kilobaiti mia chache tu. Katika faili ya namna hiyo, anga lililokuwa laini huanza kuonyesha vigae, kingo za herufi huzungukwa na kitu mfano wa vumbi, na ngozi ya uso hulainika kama iliyopakwa nta.

Kwenye skrini ya simu mambo haya hayaonekani, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Simu nyingi zina skrini yenye upana wa pikseli 1080 hivi ikishikwa wima, kwa hiyo picha ya pikseli 1600 huijaza na kusaza. Mjukuu akiangalia alichotuma, na shangazi akiangalia alichopokea, wote wawili huona picha safi. Karatasi ndiyo huwa shahidi. Upande mrefu wa A3 una sentimita 42, sawa na inchi 16.5. Nukta 4000 zikitandazwa juu yake, kila inchi hupata nukta 242 hivi, kiasi kinachotoa picha kali hata mtu akisogeza uso karibu. Nukta 1600 zikitandazwa juu ya karatasi ileile, kila inchi hupata 97 tu. Wachapaji wamezoea kutaka nukta 300 kwa inchi kwa kazi ya kushikwa mkononi, na chini ya 150 huwa na wasiwasi. Uso wa bibi ukiwa umechukua sehemu moja ya kumi ya upana wa picha, katika faili halisi umechorwa kwa nukta 400 kwa upana, na katika nakala ya WhatsApp kwa nukta 160. Hakuna mashine ya kuchapa itakayorudisha makunyanzi ya bibi kutoka kwenye nukta hizo.

Kwa nini hati haiguswi

Programu ya ujumbe inapokabidhiwa kitu kama picha, huifungua, huisoma na kuitengeneza upya. Ikikabidhiwa kitu hichohicho kama hati, hukichukulia kama bahasha iliyofungwa kwa gundi. Hati inaweza kuwa barua, hesabu za kikundi, wimbo au chochote kingine, na programu haina ruhusa ya kubadilisha hata herufi moja ndani yake, kwa sababu mkataba au jedwali la hesabu lililobadilishwa njiani ni faili iliyoharibika. Kanuni hiyo iliyowekwa kwa ajili ya barua na hesabu huilinda pia picha. Faili husafiri baiti kwa baiti, na ile inayofika Dar es Salaam ni ileile iliyoondoka Mwanza: vipimo vilevile, uzito uleule na jina lilelile.

Njia hii isichanganywe na kitufe cha `HD` ambacho WhatsApp ilikiongeza mwaka 2023. Kitufe hicho huruhusu picha iende ikiwa na vipimo vikubwa kuliko kawaida, na tofauti huonekana. Hata hivyo, picha bado hufunguliwa na kubanwa upya. Kwa kutazama kwenye skrini kubwa, `HD` inafaa. Kwa kuchapa na kwa kuhifadhi kumbukumbu, hati ndiyo njia ya uhakika.

Hatua za kutuma

Kwenye simu za Android, mtumaji hufungua mazungumzo, hubonyeza alama ya klipu iliyo karibu na sehemu ya kuandikia, kisha huchagua `Document`. Katika matoleo mengine hapo hutokea kitufe cha kuchagua moja kwa moja kutoka kwenye matunzio. Katika mengine hutokea orodha ya mafaili ya karibuni, na picha isipoonekana humo, hutafutwa kwa kupitia mafaili ya simu. Picha zilizopigwa na kamera hukaa katika folda ya `DCIM`, ndani ya folda nyingine iitwayo `Camera`. Picha ikichaguliwa, jina lake na uzito wake huonekana, na hapo hutumwa.

Kwenye iPhone, njia isiyosumbua ni kuihamisha kwanza picha kwenye programu ya mafaili. Picha hufunguliwa kwenye matunzio, hubonyezwa alama ya kushiriki, kisha huchaguliwa `Save to Files`. Baada ya hapo, ndani ya WhatsApp, mtumaji hubonyeza alama ya kujumlisha, huchagua `Document` na kuichukua picha kutoka folda alimoihifadhi.

Kwenye kompyuta kosa hutokea kwa urahisi zaidi. Mtu akiiburuta picha hadi kwenye dirisha la mazungumzo, au akiinakili na kuibandika, inaweza kuchukuliwa kama picha ya kawaida na kubanwa. Salama ni kubonyeza alama ya kuambatisha, kuchagua `Document`, kisha kuitafuta faili. Telegram nayo ina mpango huohuo: baada ya klipu huchaguliwa `File`, na picha huondoka bila kubanwa. Katika programu zote mbili, hati moja inaweza kufikia gigabaiti 2, kiasi ambacho picha ya simu haikaribii hata kidogo.

Picha zikiwa nyingi, kwa mfano 60 za harusi, zinaweza kukusanywa katika faili moja ya ZIP na kutumwa kwa mkupuo. Ubanaji wa ZIP ni wa namna nyingine kabisa: hautupi kitu, na ukifunguliwa hurudisha kila baiti mahali pake. Kwa sababu hiyohiyo, mtu asitarajie ZIP ipunguze uzito wa picha. JPEG ilikwisha kubanwa, na ZIP haikuti cha kupunguza. Faida yake ni kwamba picha zote hufika pamoja na hakuna inayopotea katikati ya ujumbe mwingine.

Upande wa mpokeaji

Kazi nzuri ya mtumaji inaweza kuharibiwa na anayepokea. Hati mara nyingi haijipakui yenyewe. Mpokeaji hana budi kuibonyeza ishuke kwenye simu yake. Akikaa wiki nyingi bila kuipakua, anaweza kukuta haipatikani tena na ikabidi itumwe upya, kwa kuwa seva za WhatsApp hupitisha mizigo tu, si ghala la kuihifadhi.

Ikishapakuliwa, kwenye Android hati huwekwa katika folda ya `WhatsApp Documents`, na inawezekana isionekane kwenye matunzio pamoja na picha nyingine. Hapo wapo wanaodhani haikufika. Wengine huifungua, huipiga picha skrini, na kuendelea na kazi kwa picha hiyo ya skrini. Hilo ni kosa kubwa kuliko lile la awali, maana picha ya skrini huwa na nukta za skrini tu, haidhuru faili iliyo nyuma yake ni kubwa kiasi gani. Mpokeaji anayetaka kuitumia faili aichukue yenyewe kutoka kwenye folda, au aifungue na kuihifadhi kwa kitufe cha kushiriki.

Kuna hatari nyingine pale picha inapopitia mikono kadhaa. Mjukuu ameituma kama hati kwa shangazi, na shangazi anatakiwa kuipeleka studio. Akibonyeza ujumbe uleule na kuusambaza ulivyo, hati huendelea kuwa hati. Akiihifadhi kwanza kwenye matunzio, kisha akaituma studio kwa njia ya kawaida, hubanwa papo hapo, na uangalifu wa mjukuu huwa bure. Katika mnyororo wa watumaji, mmoja tu akikosea, wote wanaofuata hupokea nakala iliyopungua.

Namna ya kuitambua picha iliyobanwa

Mchapaji mwenye uzoefu haitazami picha kwanza. Hutazama maelezo ya faili. Kuna mambo matatu yanayosema ukweli, nayo huonekana kwenye simu kwa kufungua maelezo ya picha, au kwenye kompyuta kwa kufungua sifa za faili.

La kwanza ni jina. Kamera za simu nyingi za Android huipa picha jina lenye tarehe na saa ya kupigwa, kama `IMG_20240512_101512.jpg`, na iPhone hutoa namba ya mfululizo, kama `IMG_1234.HEIC`. Picha iliyopokelewa kwa WhatsApp kwenye Android kwa njia ya kawaida hupewa jina jipya, kama `IMG-20240512-WA0003.jpg`. Herufi hizo mbili, `WA`, ni alama ya kwamba picha imekwisha kupita njia ya kubanwa. Jambo hili lina manufaa ya pekee: ikiwa hati imepokelewa na jina lake lina `WA`, basi bahasha ilifungwa vizuri, lakini kilichotiwa ndani yake kilikuwa nakala ya nakala.

La pili ni vipimo. Upande mrefu ukiwa 4000 au zaidi, faili huenda ikawa ndiyo iliyotoka kwenye kamera ya megapikseli 12. Ukiwa 1600 au karibu na hapo, picha imepunguzwa. La tatu ni uzito. Megabaiti 3 hadi 5 ni kawaida kwa picha halisi ya namna hiyo, ilhali kilobaiti 200 au 300 huonyesha kwamba imebanwa. Jina linaweza kubadilishwa na mtu, na uzito hutegemea kilichopigwa, maana ukuta mweupe huwa mwepesi kuliko majani ya mwembe. Kwa hiyo vyote vitatu hutazamwa pamoja.

Ikiwa studio imepokea faili iitwayo `IMG_20240512_101512.jpg`, yenye pikseli 4000 kwa 3000 na megabaiti 4, kazi ya A3 inaweza kuanza. Ikiwa imepokea `IMG-20240512-WA0003.jpg` ya 1600 kwa 1200, jibu la haki kwa mteja ni kumwomba faili halisi. Isipopatikana, picha isafishwe kwa ukubwa wa karibu sentimita 13 kwa 10, ambapo nukta hizohizo zinatoa picha kali.

Mahali hati isipofaa kitu

Kutuma kama hati hulinda kilichopo, hakuongezi kisichokuwapo. Picha iliyobanwa miaka mitatu iliyopita na kuhifadhiwa hivyo, ikitumwa leo kama hati, hufika salama na upungufu wake wote. Ndiyo maana swali la kwanza huwa ni nani aliyepiga picha, na kama simu aliyoipigia bado anayo. Picha ya kikundi iliyozunguka kwenye makundi manne ya familia haina haja ya kutumwa kama hati na mtu wa makundi hayo. Aliyeipiga ndiye wa kuombwa.

Hata kwa aliyeipiga, picha iliyo kwenye simu inaweza isiwe kamili. Baadhi ya watu wameiagiza simu ihifadhi picha halisi kwenye akaunti ya intaneti na kubakiza nakala ndogo ili nafasi isijae. Kwa hali hiyo, picha hufunguliwa kwanza simu ikiwa na mtandao, hungojwa ishuke yote, ndipo hutumwa.

Aina ya faili nayo huleta shida. Tangu mwaka 2017, iPhone nyingi hupiga picha katika muundo wa HEIC, ambao huhifadhi ubora ule ule kwa uzito mdogo. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, hugeuzwa JPEG njiani na kila mtu huifungua. Ikitumwa kama hati, inaweza kufika ikiwa HEIC vilevile, na kompyuta ya zamani ya studio ikashindwa kuifungua. Faili haijaharibika, inahitaji kugeuzwa kuwa JPEG na programu inayoielewa. Anayepiga picha za kuchapwa mara kwa mara anaweza kuepuka usumbufu huo kwa kwenda kwenye mipangilio ya kamera ya iPhone, sehemu ya `Formats`, na kuchagua `Most Compatible`, ili picha zijazo zipigwe kwa JPEG moja kwa moja.

Gharama na siri

Ubora una bei yake. Picha 20 zilizobanwa zinaweza kula megabaiti 5 za bando, ilhali zilezile zikitumwa kama hati hula 80, na mpokeaji naye hutumia 80 nyingine kuzipakua. Kwa hiyo ni busara kumtumia kwanza studio au mhariri nakala nyepesi, achague tatu anazozihitaji, kisha zile tatu tu ziende kama hati.

Jambo la mwisho linahusu usalama. Kamera ya simu huandika ndani ya faili maelezo ya picha: tarehe, saa, aina ya simu na, mwenyewe akiwa ameruhusu, mahali ilipopigwa kwa vipimo vya ramani. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp huyaondoa maelezo hayo pamoja na ubora. Ikitumwa kama hati, huweza kufika nayo. Kwa mchapaji au mtunza kumbukumbu, tarehe hiyo ni hazina. Kwa mtu asiyefahamika anayeulizia bidhaa iliyopigwa picha nyumbani, mahali hapo ni siri iliyotoka bila kukusudiwa. Kwake yeye nakala ya kawaida inatosha, na hati hubaki kwa yule anayehitaji kila nukta na anayeaminika kuwa nayo.